NFC na GPS: Sentimita kwa nauli, mita kwa njia

Kadi ya BebaPay, iliyozinduliwa na Google na Benki ya Equity mwaka 2013 kwa nauli za matatu na kusitishwa 2015, ilitumia chipu ya NFC. Chipu hiyo haina betri. Hupata nguvu kutoka kwa simu ya kondakta ikisogezwa sentimita chache tu, hivyo abiria wa kiti jirani hakatwi nauli.

GPS hukadiria. Hata anga ikiwa wazi, simu hukosea takriban mita 5. Katika Barabara Kuu ya Thika, kosa hilo latosha kumwonyesha dereva aliye barabara ya kando kana kwamba yuko barabara kuu, akakosa njia ya kuingia Ruiru. Duara linalozunguka kitone cha samawati likipanuka, afuate mabango.