Nani Anatenda? Usomaji wa Kisarufi wa Amri ya Zanzibar ya Mwaka 1897 kuhusu Utumwa

Ikisiri

Amri iliyotolewa na Sultani Hamoud bin Mohammed mnamo Aprili 1897 hukumbukwa kuwa ndiyo iliyokomesha utumwa Unguja na Pemba. Makala hii inaichunguza amri hiyo kwa kufuatilia watenda wa vitenzi vyake: nani anatenda, nani anatendewa na nani anafungwa na wajibu. Inadaiwa kwamba matini haya hayamwachi mtumwa huru moja kwa moja. Yanaiondolea mahakama kazi ya kumlinda bwana, kisha yanaunda njia nyingine ya kumbakisha mfanyakazi shambani. Vifungu vinatolewa kwa tafsiri ya mwandishi kutoka matini ya Kiingereza.

1.0 Utangulizi

Amri inazungumza kwa nafsi ya kwanza wingi, ile "Sisi" ya kifalme. Nafsi hiyo inahitaji kutazamwa kabla ya jambo lingine lolote. Zanzibar ilikuwa chini ya ulinzi wa Uingereza tangu mwaka 1890. Hamoud mwenyewe alikalishwa kwenye kiti cha enzi baada ya manowari za Waingereza kulipiga kwa mizinga kasri la Sultani tarehe 27 Agosti 1896, katika vita ambavyo havikufika hata saa moja. Waziri wake Mkuu, Lloyd Mathews, alikuwa Mwingereza, na Balozi Mkuu, Arthur Hardinge, alikuwa na hofu iliyojulikana kwamba kukomesha utumwa ghafla kungeangusha mashamba ya karafuu, na pamoja nayo mapato ya serikali. Kwa hiyo "Sisi" ya amri ina msemaji mmoja juu ya karatasi, lakini nyuma yake wamo zaidi ya mmoja.

Dibaji inadhihirisha jambo hilo. Inataja sifa ya kuacha watu huru katika mafundisho ya Mtume, lakini kabla ya hapo inalalamika kwamba watumwa wamepungua, mashamba yameachwa bila kulimwa, na utumwa unawazuia vibarua huru kuja nchini. Mtumwa anatajwa kama upungufu wa nguvukazi. Hakuna sentensi katika dibaji inayotaja dhuluma aliyotendewa.

2.0 Mahakama Inayokataa

Kiini cha amri kimo katika kifungu cha pili. Maana yake ni hii: kuanzia tarehe mosi ya Mfunguo Pili, Mahakama ya Wilaya itakataa kutekeleza haki zozote zinazodaiwa juu ya mwili, kazi au mali ya mtu kwa msingi kwamba mtu huyo ni mtumwa. Kiima cha sentensi ni mahakama, na kitenzi ni "itakataa". Mtumwa yumo ndani ya kishazi tegemezi, akitajwa kwa hali yake tu, hatendi lolote. Kifungu hakisemi kwamba watumwa wote wako huru. Tofauti hiyo si ya kimtindo. Sheria Namba 5 ya mwaka 1843 nchini India ilikuwa imefuata njia hiyohiyo: utumwa haukupigwa marufuku kama tendo, bali uliondolewa msaada wa mahakama. Matokeo yake ni kwamba mtumwa asiyejua habari ya amri, au asiyeweza kufika mbele ya mahakama, hakubadilishiwa lolote katika maisha yake ya kila siku.

Sehemu ya pili ya kifungu hichohicho inageuza msamiati. Inapozungumzia kukataa, haki za bwana ni "zinazodaiwa", kana kwamba hazijathibitika. Inapozungumzia fidia, bwana ni mtu "aliyezimiliki kihalali" na aliyepata hasara kwa kuzipoteza. Haki ileile inatiliwa shaka inapomhusu mtumwa na kuthibitishwa inapofika kwenye malipo. Neno "hasara" lina mmiliki mmoja tu katika amri yote, naye ni bwana. Miaka ya kazi isiyolipwa haina jina katika matini haya, na kwa kuwa haina jina haiwezi kudaiwa.

3.0 Mtu Huru na Wajibu Wake

Ni katika kifungu cha nne ndipo aliyekuwa mtumwa anapopata nafasi ya kiima. Kifungu kinamwita mtu ambaye haki yake ya uhuru imetambuliwa rasmi chini ya kifungu cha pili. Msomaji akirudi kwenye kifungu cha pili hakuti haki ya uhuru iliyotamkwa. Anakuta mahakama inayokataa. Uhuru unachukuliwa kuwa umekwisha kutolewa, ingawa hapana mahali ulipotamkwa.

Vitenzi vinavyofuatana na kiima hicho kipya vyote ni vya kulazimishwa. Atawajibika kulipa kodi au kufanya kazi ya shokoa iwapo serikali itawatwisha raia wake kwa jumla. Atapaswa kuonesha kwamba ana makazi ya kudumu na njia ya kujipatia riziki, la sivyo atatangazwa kuwa mzururaji. Na iwapo anaishi kwenye ardhi ya mtu mwingine, atapaswa kumlipa mwenye ardhi kodi ya pango, ambayo yaweza kuwa kazi au mazao, kwa makubaliano yaliyofanywa mbele ya mahakama.

Masharti haya yanafanya kazi kwa pamoja. Mtumwa wa shamba alikuwa na kibanda na kipande cha kulima muhogo, vyote juu ya ardhi ya bwana. Akiondoka, anakosa makazi na kukabiliwa na shitaka la uzururaji. Akibaki, anadaiwa pango, na kwa kuwa hana fedha, hulipa kwa kazi. Amri haimtaji bwana wa zamani hapa. Inamtaja "mwenye ardhi". Mtu ni yuleyule, ila dai lake juu ya kazi limehamishwa kutoka mwili wa mtumwa hadi udongo anaokanyaga. Neno "makubaliano" linadokeza usawa wa pande mbili, lakini upande mmoja tu ndio wenye shitaka la uzururaji juu ya kichwa chake.

4.0 Masuria

Kifungu cha tano kinasema masuria watahesabiwa kuwa watu wa nyumbani kwa maana ileile kama wake, na watabaki katika uhusiano walio nao, isipokuwa wakiomba uvunjwe kwa sababu ya ukatili na wakathibitisha. Mlinganisho wa "kama wake" unaonekana kuwapandisha hadhi. Hata hivyo, unagusa ukaazi pekee: hautaji mahari wala ndoa. Katika sheria ya Kiislamu, suria hutofautishwa na mke kwa sababu ni mtumwa. Kumfananisha na mke bila kumwoza ni kumtoa katika kundi linalofaidi kifungu cha pili, huku sababu ya kuwa kwake humo ikiachwa palepale. Masuria walisubiri hadi amri ya mwaka 1909 ndipo wakaingizwa.

5.0 Hitimisho

Sarufi peke yake haithibitishi nia. Kauli ya ukatavu ya mahakama ingeweza kuwa mazoea ya waandishi wa sheria tu. Kinachoipa uzito ni kwamba mwelekeo wake unalingana na dibaji, na hofu ya Hardinge, na kifungu cha nne. Vilevile, matini hayatupi picha ya yaliyotendeka. Frederick Cooper, katika kitabu chake cha mwaka 1980, ameonesha kwamba waliokuwa watumwa walihama, walijadiliana na walikwepa mikataba, hata mpango wa mashamba usiwe kama ulivyokusudiwa. Amri iliwanyima nafasi ya kuwa watenda. Wao waliishika nje ya maandishi. Mtafiti wa matini ya kikoloni anapaswa kutenganisha mambo hayo mawili: kile ambacho sentensi inamruhusu mtu kufanya, na kile ambacho mtu huyo alifanya bila ruhusa yake.