Kadi ya Krismasi ya lugha mbili: jinsi ya kuwapa Kiswahili na Kiingereza nafasi sawa

Katika wilaya za Kasulu na Kibondo kuna familia nyingi zenye ndugu walio mbali sana. Kambi ya Nyarugusu, iliyoko Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kuwapokea wakimbizi kutoka Kongo, na baadaye wengi wao walihamishiwa Marekani. Kuanzia mwaka 2007 Marekani iliwapokea pia Warundi waliokimbia nchi yao mwaka 1972 na kuishi katika kambi za ukanda huu. Wapo vilevile Watanzania waliokwenda kusoma au kufanya kazi nje na kuzaa watoto huko.

Watoto waliokulia ughaibuni mara nyingi husikia Kiswahili nyumbani na hata kukizungumza, lakini shuleni walifundishwa kusoma Kiingereza tu. Huku nyumbani, bibi aliyemaliza darasa la saba anasoma Kiswahili bila shida, ila Kiingereza hakisomi. Ndiyo maana ikifika Desemba baadhi ya familia hutaka kadi moja ya kusomwa na wote.

Kadi nyingi zinazouzwa madukani zimeshachapishwa salamu za Kiingereza kwa herufi kubwa za kung'aa. Mwenye kuinunua huongeza Kiswahili kwa kalamu, pembeni au chini. Bibi akiipokea, huona maandishi makubwa asiyoyaelewa, na yale yanayomhusu yamebanwa kwenye kona. Kinyume chake pia hutokea: barua ndefu ya Kiswahili yenye habari zote za nyumbani, kisha mstari mmoja wa Kiingereza kwa ajili ya watoto. Watoto hao hupata salamu tu, na habari za ukoo huwapita.

Kwa hiyo usawa una sehemu mbili: umbo la kadi, na habari zilizomo.

Kadi yenye majalada mawili

Ukiandika lugha moja juu na nyingine chini, ya chini huonekana ni nyongeza. Ukigawa ukurasa kwa safu mbili nyembamba, Kiswahili huumia, kwa sababu maneno yake ni marefu. "Tunawakumbuka" ni neno moja, na kwenye safu nyembamba utalazimika kulikata. Njia nzuri zaidi ni kadi isiyo na nyuma, yenye majalada mawili, kila lugha na lake.

Chukua karatasi ya A4, ikiwezekana manila, na uikunje katikati. Utapata kadi yenye kurasa nne, kila moja yenye upana wa karibu sentimita 15 na urefu wa sentimita 21. Kisha fuata hatua hizi:

1. Weka kadi mezani, mkunjo ukiwa upande wako wa kushoto. Andika jalada la Kiswahili.
2. Fungua kadi. Andika ujumbe wa Kiswahili kwenye ukurasa wa kulia tu. Wa kushoto uache wazi.
3. Funga kadi, kisha uipindue kwa kuleta ukingo wa juu upande wa chini. Mkunjo utabaki kushoto, na ukurasa ulio wazi utakuwa juu. Andika hapo jalada la Kiingereza.
4. Fungua tena. Ukurasa wa kulia utakuwa wazi. Andika ujumbe wa Kiingereza.

Kumbuka jambo moja tu: mkunjo uwe kushoto kila wakati, na ujumbe uandikwe kulia. Ukimaliza, anayeanzia upande wa Kiswahili ataona Kiingereza kimepinduka juu chini, na anayeanzia upande wa Kiingereza ataona Kiswahili kimepinduka. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Kila msomaji anaona kwamba kadi inaanzia kwake.

Tumia kalamu moja na ukubwa mmoja wa herufi pande zote mbili. Kama utatoa kopi stesheni, omba kopi moja kwanza, ikunje, na uifungue kutoka pande zote mbili. Jalada la Kiswahili likikupeleka kwenye ujumbe wa Kiingereza ulio wima upande wa kulia, karatasi iligeuzwa vibaya kwenye mashine.

Habari zilezile, kwa maneno ya kila msomaji

Tuchukue mfano. Mama mmoja wa Kasulu aliyemaliza kidato cha nne anamwandikia mama yake mzazi aliyeko Kibondo, na pia watoto wa dada yake walioko Marekani. Ana habari tatu: mumewe alivunjika mguu, mvua imekuwa nzuri, na wanawakumbuka. Ndani ya kadi anaandika hivi:

```
Heri ya Krismasi na Mwaka Mpya.
Mama, shikamoo. Sisi hatujambo.
Baba watoto alivunjika mguu Septemba.
Sasa anatembea kwa mkongojo.
Mvua ni nzuri, maharagwe yamechanua.
Tunawakumbuka kila jioni.
```

```
Merry Christmas and a Happy New Year.
Dear children, we are all well.
Your uncle broke his leg in September.
He now walks with a stick.
The rains are good, the beans are in flower.
We think of you every evening.
```

Pande zote mbili zina mistari sita na habari tatu, lakini maneno hayakutafsiriwa moja kwa moja. "Shikamoo" haina neno linalolingana nayo katika Kiingereza, kwa hiyo imebaki upande wa bibi, na watoto wamepewa salamu ya kawaida ya barua zao. Mgonjwa ni yuleyule, ila kwa bibi ametajwa kama "baba watoto", nao watoto wameandikiwa neno la Kiingereza ambalo hutumika kwa baba mdogo, baba mkubwa na mjomba pia. Kama watoto wana baba wadogo na wajomba kadhaa, neno hilo peke yake litawachanganya. Hapo ongeza jina lake.

Salamu ya sikukuu nayo iangaliwe. Katika Kiingereza wengi hutakiana heri kwa neno ambalo pia lina maana ya likizo. Ukilitafsiri hivyo, bibi atasoma "likizo njema" kama vile anafunga shule. Kwa Kiswahili andika "Heri ya Krismasi" au "Noeli njema", kulingana na mazoea ya nyumba yenu.

Makosa makubwa zaidi hayaonekani kwa macho. Mwandishi huona habari fulani ni nzito, kama ugonjwa au msiba, akaiandika upande mmoja tu. Kisha bibi na mjukuu huzungumza kwa simu, na mmoja anashtuka kusikia jambo ambalo mwenzake alilijua tangu Desemba. Kabla ya kutuma, mpe mtu asome upande wa Kiswahili tu akueleze alichoelewa. Mpe mwingine anayejua Kiingereza asome upande wa pili. Majibu yao yasipofanana, kuna mstari uliosahaulika.

Kuituma kwa simu

Kadi yenyewe inaweza kwenda kwa posta, au kwa mtu anayesafiri. Kwa ndugu wa mbali wenye WhatsApp, piga picha nne nje mchana, kila ukurasa ukiwa wima kwa msomaji wake: jalada na ujumbe wa Kiswahili, jalada na ujumbe wa Kiingereza. WhatsApp hupunguza ubora wa picha, na maandishi madogo hufifia. Herufi zikiwa nyembamba, zitume kama faili badala ya picha ya kawaida.

Watumie wote picha zote nne. Mtoto asiyesoma Kiswahili ataona mwandiko wa nyumbani, na mzazi wake anaweza kumsomea upande ule mwingine kwa sauti.