Fedha za matazamio: Kwa nini mwenye nyumba Singida anashauriwa kusubiri mwaka mzima kabla ya kumaliza malipo ya fundi

Mwananchi anayejenga nyumba kwa kumtumia fundi au mkandarasi mdogo ana haki ya kukubaliana naye kwamba sehemu ya malipo ibaki mkononi mwa mwenye nyumba kwa muda fulani baada ya kazi kukabidhiwa. Sehemu hiyo ya malipo huitwa fedha za matazamio, na muda huo huitwa kipindi cha matazamio. Katika kipindi hicho fundi huwajibika kurudi na kurekebisha, kwa gharama zake, kasoro zinazotokana na kazi yake.

Utaratibu huu ni wa kawaida katika mikataba ya majengo ya Serikali. Katika ujenzi wa nyumba za watu binafsi, hata hivyo, mara nyingi husahaulika, kwa kuwa makubaliano mengi hufanyika kwa mdomo na mazungumzo huishia kwenye bei. Fedha za matazamio haziwezi kubuniwa baada ya kazi kwisha. Mwenye nyumba anayekata malipo bila kuwa na makubaliano ya awali anakuwa ameshikilia ujira wa mtu, na fundi ana haki ya kumdai.

Ni vyema ifahamike pia kwamba fedha hizo si faini wala zawadi. Ni mali ya fundi, ameshazifanyia kazi, ila malipo yake yamecheleweshwa kwa ridhaa yake. Kiwango kilichozoeleka ni kati ya asilimia 5 na 10 ya kila malipo. Nusu ya kiasi kilichokusanywa hulipwa nyumba inapokabidhiwa, na nusu nyingine hulipwa kipindi cha matazamio kinapokwisha na kasoro zilizoorodheshwa zimerekebishwa.

Uchukuliwe mfano wa mwenye nyumba katika Manispaa ya Singida ambaye ananunua vifaa mwenyewe na kukubaliana na fundi ufundi wa shilingi 8,000,000. Malipo yamegawanywa kwa hatua: msingi shilingi 1,600,000, kuta hadi linta 2,400,000, paa 2,000,000, na lipu pamoja na sakafu 2,000,000. Wamekubaliana kukata asilimia 10. Hivyo katika msingi hubaki shilingi 160,000, katika kuta 240,000, na katika kila moja ya hatua mbili za mwisho 200,000. Jumla ni shilingi 800,000. Nyumba inakabidhiwa Juni 20. Siku hiyo fundi analipwa shilingi 400,000, na 400,000 zinabaki.

Swali linalofuata ndilo lenye uzito zaidi kwa mkazi wa Singida: zibaki kwa muda gani? Mkoa huu una msimu mmoja wa mvua, unaoanza kwa kawaida kati ya Novemba na Desemba na kumalizika Aprili au mwanzoni mwa Mei. Miezi mingine ni mikavu. Iwapo wawili hao watakubaliana miezi sita, kipindi cha matazamio kitakwisha Desemba 20, wakati mvua ndiyo kwanza zimeanza. Paa litakuwa limetazamwa katika jua na upepo tu. Msumari uliopigwa upande, kofia isiyofunika vizuri au bati lililopishana kidogo mno na lenzake havitajulikana mpaka Januari, na wakati huo fundi atakuwa ameshalipwa yote.

Kiangazi nacho kina kasoro zake. Maeneo ya mabondeni katika mkoa huu yana udongo mweusi wa mbuga, ambao huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Nyumba iliyojengwa juu ya udongo huo kwa msingi mfupi inaweza kupita msimu wa mvua bila tatizo, kisha ikapasuka kuanzia Agosti hadi Oktoba udongo unapojivuta. Paa hupimwa na mvua, msingi hupimwa na mvua na ukavu kwa pamoja. Kwa sababu hiyo miezi 12, ambayo hutumika sana katika mikataba ya majengo, inafaa hapa kuliko miezi sita, hata kama bei ya ufundi itapanda kidogo kwa kuwa fundi atasubiri fedha yake.

Si kila ufa ni kasoro ya kudai. Nyufa nyembamba kama nywele, zilizotawanyika juu ya lipu, mara nyingi hutokana na saruji kukauka haraka, na marekebisho yake ni madogo. Ufa wa kutia shaka ni ule unaoanzia kwenye kona ya dirisha au mlango na kupanda kwa mshazari, hasa ukionekana ndani na nje ya ukuta uleule. Mwenye nyumba aweke alama ya penseli kwenye ncha zote mbili za ufa na kuandika tarehe kando yake. Ufa ukivuka alama baada ya wiki kadhaa, nyumba inatembea, na mtaalamu aitwe kabla ya kuzibwa kwa lipu.

Chanzo cha kasoro nacho huamua nani alipe. Katika mfano huu mwenye nyumba ndiye aliyenunua mabati. Yakipata kutu mapema kwa sababu ni membamba na ya bei ndogo, fundi hahusiki. Vilevile fundi aliyeshauri msingi uchimbwe zaidi na kukataliwa ana hoja ya msingi, na angefanya busara kuuandika ushauri huo siku hiyohiyo.

Tuseme sasa Januari 14 paa linavuja juu ya chumba kimoja. Hatua ya kwanza ni kumjulisha fundi kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu, ukiwa na tarehe, picha na maelezo ya mahali panapovuja, na kumpa muda uliotajwa katika makubaliano, kwa mfano siku 14. Wengi hukosea hapa: huita fundi mwingine kwanza, kisha humkata wa awali. Fundi ambaye hakupewa nafasi ya kuona na kurekebisha kazi yake anaweza kupinga makato hayo, na ushahidi wa kasoro unakuwa umeshafunikwa.

Muda ukipita bila fundi kufika, mwenye nyumba anaweza kumwita mwingine. Akilipa shilingi 150,000 na kupewa stakabadhi, kiasi hicho hutolewa katika 400,000, na Juni 20 ya mwaka unaofuata fundi wa awali analipwa 250,000 zilizobaki. Kuvuja kwa chumba kimoja hakumpi mwenye nyumba ruhusa ya kushikilia fedha yote.

Marekebisho yakizidi kiasi kilichoshikiliwa, tofauti inabaki kuwa deni. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inampa aliyeathirika na uvunjaji wa mkataba haki ya kufidiwa hasara, na Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inaweka miaka sita kwa madai ya kawaida ya mkataba. Kwa hiyo kasoro kubwa iliyofichika haifi kwa sababu miezi 12 imekwisha. Kinachokwisha ni wajibu wa fundi kurudi kwa kuitwa tu, na urahisi wa kulipwa bila kwenda mahakamani.

Makubaliano yenyewe hayahitaji kurasa nyingi. Yataje asilimia inayokatwa, tarehe ya makabidhiano itakavyothibitishwa, urefu wa kipindi cha matazamio, siku za kufanya marekebisho na tarehe ya malipo ya mwisho, kisha yasainiwe na pande zote mbili mbele ya mashahidi, kila upande ukibaki na nakala yake.