Umeme umekatwa, lakini televisheni ingali inapiga mtu: kwa nini?

Katika vibanda vya kutengeneza televisheni huko Nguba, fundi anayeanza kazi anaonywa mapema: kutoa fishi kwenye prizi haitoshi. Ndani kuna kondansateri kubwa (Tanzania wanaiita kapasita), na ile inabakia na umeme wake hata kama SNEL imekata.

Tuchukue kondansateri ya mikrofaradi 220. Umeme wa volti 220 ukishageuzwa kuwa wa njia moja, unapanda mpaka karibu volti 311. Nishati iliyolala ndani inapatikana kwa W = ½CV², na hapa inakuja karibu juli 10.6. Ni sawa na kuinua kilo moja ya sukari kupita mita moja kidogo. Inaonekana ndogo, lakini ikitoka yote kwa mara moja kupitia mkono, ni hatari ya kweli.

Kwa nini volti haishuki papo hapo? Volti ile inatokana na chaji iliyokusanyika kwenye sahani mbili za ndani. Ni kama bidoni ya maji: usawa haushuki mpaka maji yatoke, na maji yanatoka kwa muda. Ili volti ianguke kwa sekunde sifuri, ingehitaji kurani isiyo na mwisho, na hiyo haiko.

Jambo ambalo wengi hawalijui: televisheni iliyokufa ndiyo inaweza kuwa hatari zaidi. Nzima inakula chaji yenyewe baada ya kuzimwa. Iliyoharibika haina kinachoikula, basi chaji inakaa dakika nyingi.

Wengine wanagusisha miguu miwili kwa turnevisi. Inatoa cheche na mlio, inachoma chuma, na inaweza kuharibu kondansateri. Njia nzuri ni rezistansi ya omu 10,000 yenye wati 10, yenye waya zilizofunikwa. Omu hizo mara mikrofaradi 220 zinatoa sekunde 2.2; mara tano ya hizo, sekunde 11, imebaki chini ya asilimia 1. Kisha pima kwa multimetri kabla ya kuweka kidole.

Bobini inafanya kinyume: yenyewe inashikilia kurani, si volti. Nishati yake iko katika sumaku, ½LI². Bobini ya henri 0.1 inayopitisha ampea 2 ina juli 0.2 tu. Lakini ukiikata kwa milisekunde 1, inasukuma volti 200 ili kurani iendelee, hata kama batri yake ni ya volti 12. Ndiyo ile cheche ya swichi ya pompi, na ndiyo inayoua transista inayoendesha rele. Mafundi wanaweka diodi sambamba na bobini, ikiangalia kinyume cha batri, ili kurani izunguke humo mpaka ichoke.