Jinsi mchoro mdogo wa katuni unavyokuzwa kuwa bango bila kuharibika kingo

KATIKA mji wa Isiolo, ulioko kando ya barabara kuu ya kuelekea Marsabit na Moyale, michoro ya katuni haiishi vitabuni tu. Hupatikana kwenye mabango ya maduka, kwenye vibandiko vya matatu na kwenye vitambaa vya mikutano. Aghalabu mchoro wenyewe huwa mdogo, umetumwa kwa simu, nao huhitajika kuwa na upana wa mita mbili. Hapo ndipo kazi huharibika: mistari myeusi hupata ukungu, rangi zilizokuwa tambarare hujaa madoa, na kando ya kila mstari hutokea mstari mwingine hafifu kama mwangwi. Kwa kuwa bango hulipiwa kulingana na ukubwa wake, kasoro inayogunduliwa baada ya kuchapishwa huwa ni hasara kwa mwenye kazi.

Mchoro wa mistari, uwe ni katuni ya gazetini au anime ya Kijapani, hutofautiana na picha ya kamera kwa jambo moja kubwa. Katika picha ya kamera, rangi hubadilika polepole, hivyo ukungu kidogo hauonekani. Katika katuni, rangi moja hutandazwa sawasawa, kisha hukatizwa ghafula na mstari. Jicho hutazama mpaka huo kabla ya kitu kingine chochote, na ndio ambao njia za kawaida za kukuza picha hushindwa kuuhifadhi.

Sababu yake ni hesabu. Kompyuta inapokuza picha hulazimika kubuni pikseli mpya baina ya zile zilizopo. Tuseme rangi ya ukutani katika mchoro ina kiwango cha mwanga cha 200, na mstari mweusi una kiwango cha 20. Njia ya wastani, iitwayo Linear katika programu ya GIMP, huchukua pikseli mbili jirani na kuzigawanya kati: 200 na 20 huzaa 110. Hiyo ni rangi ya kijivu ambayo mchoraji hakuichora, nayo mchoro ukikuzwa mara nne huenea na kuwa utepe wa ukungu.

Njia ya Cubic hujaribu kuepuka ukungu huo kwa kutazama pikseli nne badala ya mbili, huku zile mbili za nje zikipewa uzito wa kutoa badala ya kujumlisha. Katika aina moja inayotumika sana, uzito wa pikseli za ndani ni tisa juu ya kumi na sita kila moja, na za nje ni moja juu ya kumi na sita, kwa kutoa. Chukua pikseli nne zilizo karibu na mpaka: 200, 200, 200 na 20. Pikseli mpya iliyo katikati yake hupata takriban 211. Yaani ukuta umekuwa mweupe kupita ukuta wenyewe. Upande wa pili wa mpaka, 200, 20, 20 na 20 huzaa takriban 9, na mstari ukawa mweusi kupita wino. Utepe huo mweupe na mweusi ndio mwangwi. Njia ya Lanczos, inayosifiwa kwa picha za kamera, hutazama pikseli nyingi zaidi na kwa hiyo mwangwi wake unaweza kujirudia zaidi ya mara moja kando ya mstari mmoja.

GIMP ina njia iitwayo NoHalo, iliyobuniwa mahsusi kuzuia utepe huo. Inasaidia, lakini haiwezi kurudisha ukali wa mstari uliokwisha kupotea. Kinyume chake, njia ya kunakili kila pikseli bila kuchanganya haileti ukungu wala mwangwi, ila mistari ya mshazari hugeuka ngazi. Hiyo yafaa kwa michoro ya michezo ya kale ya kompyuta, si kwa katuni ya kalamu.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 2015 ilipotolewa programu ya bure iitwayo waifu2x, iliyofunzwa kwa michoro ya anime. Badala ya kutumia hesabu moja kwa kila picha, ilifundishwa kwa jozi nyingi za michoro, midogo na mikubwa, hadi ikaweza kukisia mstari ulivyopaswa kuwa. Mwaka 2021 ikafuata Real-ESRGAN, ambayo ina muundo maalumu wa anime. Neno la kushika hapa ni kukisia. Programu hizi hazijui mchoraji alichora nini. Zinajua tu kwamba, katika michoro ziliyoiona, mpaka wa aina hii kwa kawaida ulikuwa mkali.

Tuchukue kazi moja ifuatwe hatua kwa hatua. Muuzaji wa maziwa ya ngamia mjini Isiolo ana mchoro wa ngamia mwenye mistari myeusi, mwili wa kahawia, mchanga wa manjano na anga ya samawati. Faili lina pikseli 960 kwa 480, na bango ni la mita 2 kwa mita 1. Likikuzwa mara nne, faili huwa pikseli 3840 kwa 1920. Kila pikseli basi itachukua takriban nusu milimita ya kitambaa, kiasi kinachotosha kwa bango linalotazamwa kutoka ng'ambo ya barabara. Mstari wa pikseli 3 utakuwa wa pikseli 12, karibu milimita 6.

Kabla ya kukuza, lazima iulizwe kama mchoro asilia upo. Iwapo ulichorwa kwa wino kwenye karatasi, kama zilivyochorwa katuni za Juha Kalulu za Edward Gitau zilizosomwa kwa miaka mingi katika Taifa Leo, ni bora kuuskani upya kwa nukta 600 kwa inchi kuliko kukuza nakala iliyotumwa kwa simu. Kama ni faili, mwenyewe aombwe alitume kama waraka wala si kama picha ya kawaida, kwa maana programu za ujumbe huifinyanga picha ya kawaida ili ipite haraka.

Kufinyanga huko ndiko adui mkubwa. Faili la JPEG hugawanya picha katika miraba ya pikseli 8 kwa 8, na kuzunguka mistari huacha vumbi la madoa hafifu. Aidha, mara nyingi habari za rangi huhifadhiwa kwa nusu ya upana na nusu ya urefu, ndiyo maana manjano ya mchanga huvuka mstari na kuingia kwenye anga. Mvujo wa pikseli 2 hauonekani kwenye simu. Ukikuzwa mara nne ni pikseli 8, karibu milimita 4 za doa la kijani kwenye bango. Programu ikiachwa bila kuambiwa, huyachukulia madoa hayo kuwa sehemu ya mchoro na kuyachonga yawe vijistari vya kweli.

Kwa sababu hiyo, waifu2x ina viwango vya kuondoa vumbi, kuanzia 0 hadi 3, na -1 ikiwa hakuna haja. Kwa ngamia wetu, kiwango cha 1 ndicho cha kuanzia. Kiwango cha 3 husafisha kila kitu, zikiwemo nyusi za ngamia na alama ndogo za manyoya. Amri yenyewe ni hii:

```
waifu2x-ncnn-vulkan -i ngamia.jpg -o kubwa.png -n 1 -s 4
```

Matokeo yahifadhiwe kwa PNG, kwa kuwa JPEG ingerudisha vumbi lile lile. Kuna wanaokosea kwa kuunoa mchoro kwanza, wakidhani wanaisaidia mashine. Kunoa huongeza mwangwi, na mwangwi uliokuzwa huwa mstari wa pili usiofutika kwa urahisi. Vivyo hivyo, kukuza mara mbili, kutazama, kuhifadhi kwa JPEG, kisha kukuza tena, hulimbikiza makosa ya kila hatua.

Hata baada ya hatua hiyo, rangi huwa bado si tambarare kabisa. Njia ya kujua ni rahisi: katika GIMP, chukua kifaa cha kuonja rangi na ukibonyeze mahali kumi tofauti angani. Namba zikiwa tofauti, kuna madoa ambayo skrini imeyaficha. Dawa ni kuitenga mistari katika tabaka lake la juu, lililowekwa kwenye hali ya Multiply, kisha kupaka rangi upya katika tabaka la chini. Eneo la anga huteuliwa, uteuzi hupanuliwa kwa pikseli 3 kupitia Select > Grow ili rangi iingie chini ya mstari, kisha hujazwa rangi moja. Bila upanuzi huo, uzi mweupe hubaki kati ya rangi na wino, na bango huonekana kama limekatwa kwa mkasi butu. Katika mchoro wenye rangi nne, kazi hii haichukui muda mrefu, na kwa kweli ndiyo inayotofautisha bango safi na bango la kubahatisha.

Ikiwa mchoro hauna rangi ila nyeusi na nyeupe, kuna njia bora kuliko zote hizi. Inkscape, kwa amri yake ya Trace Bitmap inayotumia Potrace, hugeuza mistari kuwa mikunjo ya kihesabu ambayo haina pikseli tena, na inaweza kukuzwa hata kufikia ukuta mzima. Hata hivyo, ifanyiwe mchoro ulio mkubwa kiasi. Mchoro mdogo ukifuatishwa moja kwa moja, pembe huviringika na macho ya katuni huwa mabonge.

Maandishi yasikuzwe kamwe. Mashine iliyofunzwa kwa michoro hailijui neno, hivyo G ndogo yaweza kutoka ikiwa C, na «ngamia» likasomeka vingine. Yafutwe na kuandikwa upya kwa fonti. Tahadhari hiyo inahusu pia nembo na sura za watu: programu hunyoosha kilichopinda na kufuta kovu, na mchoro uliotiwa kivuli kwa vijistari vingi vya kalamu huweza kutoka ukiwa umelainishwa kama plastiki. Kwa michoro ya aina hiyo, NoHalo ya GIMP yaweza kuwa mwaminifu zaidi, ijapokuwa si kali.

Ukaguzi wa mwisho hufanywa kwa kulipunguza faili kubwa lirudi pikseli 960 kwa 480, kuliweka juu ya lile la awali na kuchagua hali ya Difference. Penye usawa huwa peusi. Uzi hafifu kandokando ya mistari ni wa kawaida, kwani ndipo vumbi lilipoondolewa, lakini umbo zima likijitokeza, kwa mfano mguu au sikio la ngamia, mashine imehamisha mstari au imebuni mwingine. Baada ya hapo hukatwa kipande cha jicho na mdomo, kikachapishwa kwa ukubwa halisi kwenye karatasi moja ya A4, na kutazamwa kutoka hatua tatu kabla faili halijapelekwa kwa mchapishaji.