Ridhaa: Saini Moja, Makubaliano Matatu

Wakazi wa Bujora na Kisesa, mashariki ya jiji la Mwanza, wameuzoea utafiti. Tangu mwaka 1994, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na washirika wake wamekuwa wakifuatilia kaya za eneo la Kisesa, hasa kwa ajili ya utafiti wa VVU. Katika kazi ya namna hiyo mtu anahojiwa, pengine anatolewa damu, na baada ya miaka anatembelewa tena.

Kabla ya hayo huhitajika kibali na ridhaa, navyo si kitu kimoja. Kibali hutolewa na mamlaka: kamati ya maadili, wilaya, ofisi ya kata. Ridhaa hutolewa na mtu mwenyewe baada ya kuelewa anachokubali. Mwenyekiti anaweza kuwaruhusu watafiti kuingia kijijini. Hawezi kuridhia kwa niaba ya mama aliyekaa uani kwake.

Tuseme mama huyo anasomewa ukurasa wa fomu ya ridhaa ulioandikwa kwanza kwa Kiingereza. Yeye huzungumza Kisukuma nyumbani, na Kiswahili sokoni. Mwishoni kuna mstari mmoja wa saini, ilhali ukurasa una mambo matatu.

La kwanza ni maswali ya hiari. Anaweza kueleza umri na kazi yake, akakataa kusema lolote kuhusu wenzi wake, na mahojiano yakaendelea. Asipoambiwa hivyo waziwazi, atadhani kuruka swali moja ni kukataa yote, au atatoa jibu la kuridhisha tu, na takwimu zitapotoka.

La pili ni utunzaji: nani atazisoma taarifa, zitakaa wapi, kwa muda gani, na kama damu itapimwa tena kwa utafiti mwingine. Hapa panahitaji “ndiyo” au “hapana” ya peke yake, kwa kuwa mtu anaweza kukubali kupimwa leo na kukataa damu yake ihifadhiwe.

La tatu ndilo linalopotosha zaidi: kujitoa. Maandishi ya Kiingereza husema mshiriki anaweza kujitoa wakati wowote, na msikilizaji huelewa kwamba kila kitu chake kitafutwa. Lakini kuacha kushiriki si sawa na kufutiwa taarifa. Majibu huhifadhiwa kwa namba, na orodha inayounganisha namba na majina hufungiwa kando. Orodha hiyo ikiwepo, majibu ya mama yanaweza kutafutwa na kuondolewa. Ikishaharibiwa, hakuna wa kuyatambua; na matokeo yakishachapishwa, majibu hayo hayawezi kuondolewa humo. Kwa hiyo fomu iseme wazi: “Unaweza kuacha kushiriki siku yoyote. Ukitaka taarifa zako zifutwe, tuambie kabla ya tarehe hii.”

Mhoji ataujua uelewa kwa kumwomba mama aeleze kwa maneno yake, kwa Kisukuma akipenda: nini kitatokea akikaa kimya kwenye swali la tano, na nini kitatokea kwa damu yake akijitoa mwakani? Akijibu la kwanza na kukwama kwenye la pili, sehemu hiyo isomwe upya kabla ya kalamu au kidau cha wino kutolewa.