Kukodi, ada ya mwezi, kununua: filamu moja kwa bei tatu

Tuchukue familia ya Kiganda au ya Kikenya inayoishi Minneapolis, ambayo Jumamosi usiku inataka kuona Queen of Katwe. Ni filamu ya Mira Nair ya mwaka 2016 juu ya Phiona Mutesi, binti wa Katwe mjini Kampala aliyeinuka kupitia sataranji, na Lupita Nyong'o ameigiza mama yake. Hawataki kitu kingine. Wanaitafuta kwenye televisheni na mbele yao zinajitokeza njia tatu: kitufe cha `Rent`, kitufe cha `Buy`, na njia ya tatu inayowaita wajiunge na Disney+, huduma ya kampuni iliyoitengeneza filamu yenyewe. Kila njia ina bei yake, na kila bei inauza kitu tofauti kabisa, ingawa picha itakayoonekana kwenye kioo ni ileile.

Njia ya kwanza ndiyo ambayo magazeti yetu huiita pei-pa-vyu, na wengine wameitafsiri kuwa "lipa kwa kila utazamaji". Tafsiri hiyo ni sahihi kwa pale jina lilipoanzia. Jina lilienea Marekani kupitia televisheni za kebo, hasa kwa mapambano ya ngumi. Septemba 1981, Sugar Ray Leonard na Thomas Hearns walipopigana Las Vegas, watazamaji wa kebo walilipia pambano lile moja wakiwa nyumbani. Pambano lilikuwa na saa yake, na ukichelewa limekupita. Hapo mtu alikuwa analipia utazamaji mmoja kweli.

Filamu ya mtandaoni haiendi hivyo. Kinacholipiwa ni muda, na muda huo unapimwa kwa saa mbili zinazopishana. Ya kwanza inaanza kuhesabu ukishalipa: katika maduka makubwa ya Marekani una siku 30 za kuanza kutazama. Ya pili inaanza ukibonyeza kitufe cha kuchezesha, na kwa kawaida inakupa saa 48 za kumaliza. Ndani ya saa hizo 48 unaweza kuirudia filamu mara tano bila kuongeza hata senti. Lakini ukiianza Ijumaa saa mbili usiku, ukalala katikati, ukaikumbuka tena Jumapili saa tatu usiku, imeshafungwa, hata kama ulikuwa umetazama dakika 20 tu. Kuipakua kwenye simu hakuongezi muda. Faili linabaki pale limekaa lakini halifunguki.

Ndiyo maana napendelea neno ambalo watu wetu walishalitumia kwa kanda za VHS na baadaye kwa sidii: kukodi. Anayekodi anajua kwamba kitu kina saa ya kurudishwa, na kwamba ndani ya muda wake anaweza kukitumia anavyotaka. "Lipa kwa kila utazamaji" humfanya mtu aogope kurudia onyesho lililompita, na papo hapo humfanya asiiogope saa inayokwenda. Vyote viwili ni kinyume cha mambo yalivyo.

Njia ya kujiunga ndiyo inayowatoa watu pesa nyingi bila wao kujua, na nadhani msamiati wetu umechangia. Tumezoea kuiita usajili. Lakini Afrika Mashariki kujisajili ni kuandikisha laini ya simu au kufungua akaunti, jambo ambalo halina malipo. Mtu akiambiwa "jisajili utazame", anaelewa kwamba anaombwa jina na namba. Wengine wamechagua neno kifurushi, lililoenea kupitia simu na ving'amuzi. Linakaribia zaidi, kwa sababu kifurushi ni kitu cha kulipia. Tatizo ni kwamba kifurushi cha simu kikiisha kimeisha: usipokinunua tena hakuna anayekudai. Huduma za filamu zinakwenda kinyume. Kadi ya benki imeshahifadhiwa, na mwezi ukigeuka wanakata tena wenyewe mpaka uwaambie waache. Kwa hiyo nikiandika naiita ada ya mwezi inayojirudia. Ni ndefu, nakubali, lakini neno la mwisho ndilo lenye habari yote, na sioni namna ya kuliacha.

Sasa turudi Minneapolis tupige hesabu. Filamu ya umri kama huu kwa kawaida hukodishwa Marekani kwa takriban dola 4, na kuuzwa kwa dola 15 hadi 20. Tangu Oktoba 2025, Disney+ yenye matangazo hulipiwa dola 11.99 kwa mwezi. Kwa filamu moja, usiku mmoja, kukodi ndiko nafuu, na si kwa tofauti ndogo: ada ya mwezi ni karibu mara tatu. Ada inaanza kulingana na ukodishaji pale familia inapotazama filamu tatu za huduma hiyohiyo ndani ya mwezi huohuo. Familia yenye watoto wadogo hufika huko kwa wikendi moja, na kwao ada ni sawa kabisa. Kwa watu wazima wawili waliotaka Queen of Katwe tu, ni pesa iliyotupwa.

Na hesabu hiyo inadhani watakumbuka kusitisha. Wakisahau miezi miwili tu, filamu moja imewagharimu karibu dola 36, yaani zaidi ya kuinunua. Dawa yake ni rahisi na wengi hawaijui: sitisha siku ileile unayojiunga. Huduma kubwa kama Disney+ hazikufungii mara moja, bali hukuacha utazame hadi mwisho wa mwezi uliokwisha kuulipia. Kinachosimama ni makato yajayo tu. Kuna sharti moja: usitishe kulekule ulikolipia. Aliyejiunga kupitia duka la programu la simu yake anasitisha kwenye mipangilio ya duka hilo, na kuifuta programu yenyewe kwenye simu hakusitishi chochote.

Upo pia mtego mdogo ulio mahali pa kukodi penyewe. Kwenye Prime Video filamu za kukodi, za kununua na zilizomo ndani ya ada huonyeshwa bega kwa bega. Nyingine ziko ndani ya chaneli za nyongeza, kila moja ikiwa na ada yake juu ya ile ya kwanza. Ukiona maneno ya majaribio ya bure ya siku saba, hapo hukodi filamu. Unaingia kwenye ada inayojirudia, na siku ya nane watakata. Soma neno lililo juu ya kitufe, halafu soma mstari mdogo wa chini yake. Ukodishaji wa kweli hutaja bei moja na muda wa saa au siku, wala hauna maneno ya "kwa mwezi".

Kuhusu kununua, hapa neno letu ni sawa na la kwao, na kosa ni lilelile kwa lugha zote. Anayenunua sidii ana kitu mkononi. Anaweza kumpa dada yake, kumuuzia jirani, kuirithisha. Anayebonyeza `Buy` amepewa leseni ya kutazama kupitia akaunti yake kwa muda ambao duka litaendelea kuwa na haki ya kuionyesha. Leseni huwezi kuiuza wala kumhamishia mwingine. Tofauti hii ilionekana wazi Ujerumani na Austria mwaka 2022, Sony ilipowatangazia wateja wa duka la PlayStation kwamba tangu tarehe 31 Agosti filamu za StudioCanal walizokuwa wamezinunua zingeondolewa kwenye maktaba zao, kwa sababu mkataba wa haki ulibadilika. Jimbo la California likaja kutunga sheria, iliyoanza kufanya kazi Januari 2025, inayozuia muuzaji wa bidhaa za kidijiti kutumia neno la kununua bila kumweleza mteja bayana kwamba anachopata ni leseni.

Kwa hiyo kwenye istilahi ningeandika ununuzi wa leseni, na neno kununua peke yake ningeliachia sidii. Sisemi kwamba leseni haina faida. Filamu inayorudiwa kila Krismasi, au ile ambayo mwalimu huwaonyesha wanafunzi wake kila mwaka, inafaa kununuliwa. Kwa bei za hapo juu, ukodishaji wa mara nne au tano unalingana na ununuzi mmoja. Lakini hesabu nyakati tofauti, kwa maana kurudia ndani ya saa zilezile 48 ni ukodishaji mmoja. Na uwe mkweli: filamu nyingi tunazosema tutazirudia hatuzirudii.

Hesabu yote hii ni ya Minneapolis. Familia hiyohiyo ikirudi Kampala kwa likizo inakuta mpangilio mwingine, kwa sababu haki za filamu huuzwa nchi kwa nchi. Kufikia 2025 Disney+ haikuwa imefunguliwa rasmi Uganda, Kenya wala Tanzania, kwa hiyo filamu iliyopigwa kwa sehemu Kampala haikuweza kutazamwa Kampala kwa ada ya kampuni iliyoitengeneza. Hili linaniuma, na bado sijaona hoja ya kibiashara inayoniridhisha. Duka la kukodi nalo hufuata nchi ya akaunti na ya kadi ya benki. Filamu uliyoiona dukani ukiwa Marekani inaweza isiwepo kabisa kwenye duka la akaunti ya Uganda.

Huku nyumbani inaongezeka pia gharama ambayo haiandikwi kwenye kitufe chochote, nayo ni data. Netflix hukadiria kwamba picha ya ubora wa juu hula hadi gigabaiti 3 kwa saa, na ubora wa kawaida hadi 1. Queen of Katwe ina dakika 124, kwa hiyo usiku mmoja unaweza kumaliza gigabaiti 6, na ukiirudia kesho yake kwa kutiririsha, nyingine 6. Kwa anayetumia bando la simu, hiyo huweza kuzidi bei ya kukodi. Hapo ni afadhali kukodi, kuipakua mara moja mahali penye waifai, kuteremsha ubora kabla ya kupakua, na kutobonyeza kitufe cha kuchezesha mpaka watu wote wamekaa. Kupakua hakuanzishi zile saa 48.

Na kama mtu anafikiria kununua sidii ya DVD Marekani aje nayo, atazame kwanza namba ya kanda iliyochapwa kwenye jalada. Za Marekani ni kanda ya 1, na za Uganda, Kenya na Tanzania ni ya 5. Deki isiyofunguliwa kanda zote itaikataa.